Wastani 53, mkengeuko sanifu 20: mbona darasani kwetu hakuna watu wa katikati?

Kijana_wa_Majengo

Wakuu habari za jioni. Nasoma stashahada, mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Moshi. Kuna kazi ya takwimu imenikwamisha na natakiwa kuikusanya Jumatatu.

Tulifanya testi ya kwanza, tupo 40, na maksi zikabandikwa ubaoni kwa namba za usajili. Tumeambiwa tutafute wastani na mkengeuko sanifu, halafu tuoneshe kwamba asilimia 68 ya darasa wako ndani ya mkengeuko mmoja kutoka kwenye wastani, kwa sababu maksi za mtihani hufuata mtawanyiko wa kawaida, ule mchoro wa kengele.

Nimepanga maksi kwa makundi ya kumi kumi, nikachukua katikati ya kila kundi. Wastani umekuja 53. Mkengeuko sanifu 20.3. Kwa hiyo mkengeuko mmoja ni kuanzia 32.7 hadi 73.3. Nikarudi ubaoni kuhesabu mmoja mmoja, nikapata watu 23. Asilimia 68 ya 40 ni 27. Nimerudia hesabu, jibu ni lile lile. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Pasua

Hujakosea mahali. Mkengeuko sanifu ni wastani wa umbali wa kila mwanafunzi kutoka kwenye wastani wa darasa, basi. Umbali ukiwa 20 maana yake darasa lenu halieleweki, wengi wamefeli. Darasa zuri lina mkengeuko mdogo.

Mwalimu_Sanawari

Nimefundisha somo hili miaka mingi hapa Arusha, naomba niingie polepole.

Mzee wa Pasua, umegusa nusu ya jambo. Kweli mkengeuko sanifu unapima watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Lakini hausemi kama wamefaulu au wamefeli. Darasa ambalo wote wamepata kati ya 18 na 22 lina mkengeuko mdogo sana, na wote wamefeli. Kufaulu utakuona kwenye wastani na kwenye mstari wa pasi. Mkengeuko unajibu swali jingine kabisa: ukimchukua mwanafunzi yeyote, wastani wa darasa unakuambia nini juu yake? Mkengeuko ukiwa mdogo unakuambia mengi. Ukiwa 20, karibu haukuambii kitu.

Pili, sio wastani wa umbali hasa. Chukua wanafunzi wanane: 44, 48, 50, 52, 52, 54, 56, 60. Wastani wao ni 52. Umbali wa kila mmoja ni 8, 4, 2, 0, 0, 2, 4, 8. Ukijumlisha unapata 28, ukigawa kwa 8 unapata 3.5. Huo ndio wastani wa umbali. Mkengeuko sanifu unapitia njia nyingine: kila umbali unazidishwa kwa wenyewe kwanza, 64, 16, 4, 0, 0, 4, 16, 64, jumla 168. Gawa kwa 8 upate 21, kisha tafuta kipeuo cha pili: 4.58.

Angalia tofauti hiyo ya 3.5 na 4.58 imetoka wapi. Wale wawili wa 44 na 60 wamechangia 128 kati ya 168. Kuzidisha umbali kwa wenyewe kunawapa uzito walio mbali. Ndiyo maana mtu mmoja aliyepata 3 kwa sababu aliugua siku ya testi anaweza kuuvimbisha mkengeuko wa darasa zima, na ukiona mkengeuko umekuwa mkubwa ghafla, tafuta kwanza mtu wa namna hiyo kabla hujalilaumu darasa.

Kijana wa Majengo, wewe hebu tuwekee hilo jedwali lako la makundi. Namba mbili peke yake hazitoshi kuniambia tatizo liko wapi.

Kijana_wa_Majengo

Shikamoo mwalimu, na asante. Hili hapa, kila nyota ni mwanafunzi mmoja:

```
20-29  ****
30-39  *************
40-49  ***
50-59  **
60-69  ****
70-79  ***********
80-89  ***
```

Mwalimu_Sanawari

Marahaba. Sasa tazama mchoro wako mwenyewe kabla hujarudi kwenye namba. Wastani ni 53. Nani amepata karibu na 53? Kundi la 50 hadi 59 lina watu wawili, ndilo kundi dogo kuliko yote. Kengele ina kilele chake kwenye wastani, halafu inashuka pande zote mbili. Ya kwako ina shimo pale kilele kilipotakiwa kuwa, na ina vilele viwili, kimoja kwenye thelathini na kingine kwenye sabini.

Hesabu yako ni sahihi. Kilichokukwamisha ni yale maneno "maksi za mtihani hufuata mtawanyiko wa kawaida". Mara nyingi zinaukaribia, lakini hakuna sheria inayozilazimisha. Wastani na mkengeuko sanifu unaweza kuvikokotoa kwa orodha yoyote ya namba duniani. Ile asilimia 68 sio mali ya mkengeuko sanifu, ni mali ya kengele. Kengele isipokuwepo, asilimia hiyo haina pa kusimama.

Ila nikutahadharishe. Usiandike kwamba umegundua hakuna kengele kwa sababu ulipata watu 23 badala ya 27. Tofauti ya watu wanne katika darasa la 40 inaweza kutokea kwa bahati tu, hata kama maksi zilifuata kengele vizuri. Ushahidi wako wenye nguvu ni shimo. Jiulize: kama darasa lenye wastani 53 na mkengeuko 20.3 lingekuwa kengele, wangapi wangepata kati ya 40 na 59? Kwenye Excel andika hivi:

```
=40*(NORM.DIST(59.5,53,20.3,TRUE)-NORM.DIST(39.5,53,20.3,TRUE))
```

Nimeweka 39.5 na 59.5 kwa sababu maksi zenu ni namba kamili, basi kundi linaanzia nusu chini na kuishia nusu juu. Jibu ni karibu 15. Wewe una watano. Upungufu wa watu kumi mahali pamoja, tena pale ambapo kengele huwa na watu wengi zaidi, si rahisi kuusingizia bahati.

Kiboriloni_Online

Samahani mwalimu, kwa hiyo unashauri chuo kipange maksi upya ili wapatikane wa katikati? Sisi zamani mwalimu alikuwa anawaongezea watu maksi hadi mchoro ukae vizuri. Na NECTA kidato cha nne C inaanzia 45, hawa wa thelathini wote wana D, wasaidiwe.

Mwalimu_Sanawari

Hapana ndugu yangu, sijashauri hivyo, na kijana hakuuliza hivyo. Kengele ni maelezo ya jinsi maksi zilivyokaa. Sio lengo ambalo darasa linatakiwa kulifikia. Ukiongeza maksi hadi mchoro upendeze, umefuta habari pekee ya maana iliyokuwemo, kwamba darasa hili lina makundi mawili. Hawa wa thelathini kuwasaidia ni kujua kwa nini wako thelathini.

Mama_Njiro

Nami nina swali langu, kama nimeingilia mnisamehe. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Arusha. Hisabati amepata 58, Kiswahili 72. Baba yake amemsema sana juu ya hisabati. Mwalimu wa darasa alituma matokeo ya wote 52 kwenye grupu la wazazi, mdogo wangu akanipigia hesabu: hisabati wastani 41 na mkengeuko 11, Kiswahili wastani 70 na mkengeuko 8. Sasa ipi ndiyo amefanya vizuri?

Mwalimu_Sanawari

Hujaingilia mama, swali lako ndilo kazi hasa ya mkengeuko sanifu.

Katika hisabati mtoto yuko maksi 17 juu ya wastani. Gawa kwa 11, unapata mikengeuko 1.5 na kidogo. Katika Kiswahili yuko maksi 2 juu, gawa kwa 8, ni robo ya mkengeuko. Kwa hiyo ukimlinganisha na wenzake waliofanya mtihani ule ule, hisabati ndiyo amefanya vizuri zaidi, tena kwa mbali. Mtihani wa hisabati ulikuwa mgumu kwa darasa zima, na 58 ni nadra pale. Ile 72 ya Kiswahili ni ya kawaida darasani kwao.

Kama maksi za madarasa hayo zinafuata kengele, walio juu ya mikengeuko 1.5 hivi ni kama asilimia 6, maana yake watu watatu kati ya 52. Walio juu ya robo ya mkengeuko ni kama asilimia 40, watu 21. Ripoti ya mtoto ina nafasi kwa kila somo? Kama kengele ipo, nafasi yake hisabati itakuwa ya nne hivi, na Kiswahili karibu na ya 22.

Mama_Njiro

Nimeifuata ripoti kabatini. Hisabati wa 4 kati ya 52. Kiswahili wa 19. Mwalimu, umejuaje na hukuona orodha?

Mwalimu_Sanawari

Kwa darasa lake kengele ilikuwepo, au ilikuwa karibu sana, basi namba mbili zikatosha kumweka mtoto mahali pake. Kiswahili nilisema 22, ikawa 19, na kukosea kwa kiasi hicho ni kawaida katika watu 52. Kwa darasa la kijana wa Majengo ningejaribu hivyo hivyo ningepotea. Mtu wa 40 pale, kengele ingesema wako kama watu 30 juu yake. Ukihesabu nyota, walio 50 na kuendelea ni 20, na wenzake wa arobaini wanaoweza kuwa wamemzidi ni wawili tu.

Ila mama, 58 bado ni 58. Mkengeuko unakuambia mtoto amewazidi wenzake, haukuambii kwamba amejua hisabati yote ya kidato cha pili. Baba yake naye ana la kusema hapo.

Fundi_Data

Mwalimu, mimi ningegawa kwa 39 badala ya 40. Kikokotoo changu kinaonesha σn na σn-1 na chuoni walisisitiza tutumie ya pili.

Mwalimu_Sanawari

Inategemea unazungumzia nani. Ukiwaeleza hawa 40 tu, gawa kwa 40, na Excel ni STDEV.P. Ukiwatumia hawa 40 kukisia mtawanyiko wa wanafunzi wengi ambao hujawaona, gawa kwa 39, STDEV.S. Kwa wale wanane wangu, 4.58 inakuwa 4.90, tofauti inaonekana. Kwa 40, 20.3 inakuwa 20.6. Shimo la katikati haliondoki kwa hilo.

Fundi_Data

Sikubaliani sana, maana hata hawa 40 ni sampuli ya wanafunzi ambao wangeweza kudahiliwa mwaka huo. Lakini tuliache, nina jambo kubwa zaidi. Nimeligawa darasa la kijana. Walio chini ya 50 ni 20, wastani wao 34, mkengeuko 5.9. Walio 50 na kuendelea ni 20, wastani 72, mkengeuko 8.3. Kabla ya kutafuta kipeuo, mtawanyiko wa darasa zima ni 412.75. Katika hiyo, 361 inatokana na umbali kati ya makundi haya mawili, na 51.75 tu ndiyo tofauti za watu ndani ya makundi. Yaani asilimia 87 ya mtawanyiko ni pengo. Nimethibitisha kuna madarasa mawili.

Mwalimu_Sanawari

Hesabu yako nimeikagua, ni safi. Hitimisho ndilo nalikataa. Umewagawa kwa maksi zao wenyewe, kisha ukashangaa kwamba maksi zao zinatofautiana. Chukua kengele nzuri isiyo na kundi lolote ndani yake, ikate kwenye wastani, na bado kama asilimia 64 ya mtawanyiko itaonekana kuwa ni pengo. Hiyo 87 imezidi 64, na inakubaliana na shimo tuliloliona, lakini haituambii makundi hayo ni ya akina nani.

Ili uthibitishe kuna madarasa mawili, wagawe kwa jambo lililokuwepo kabla ya testi. Jinsia, mkondo, walikotoka, walichosoma. Kisha angalia kama vilele viwili vinatengana.

Na hapa ndipo penye sababu ya kengele yenyewe. De Moivre aliiona mwaka 1733 akishughulika na kurusha sarafu mara nyingi: kila mrusho unaongeza kidogo au hauongezi, na jumla ya mirusho mingi inajipanga kama kengele. Testi yenye maswali mengi madogo iko hivyo. Hapa umepata mawili, pale umekosa matatu, hili ulilisoma jana, lile ulilikisia. Vitu vingi vidogo visivyotegemeana vikijumlishwa, kengele inatokea. Lakini kikiwepo kitu kimoja kikubwa kinachoamua karibu kila swali kwa wakati mmoja, jumla haiwi tena ya vitu vidogo. Kijana, darasani kwenu kuna kitu gani cha namna hiyo?

Kijana_wa_Majengo

Mwalimu umenifungua macho. Darasani tumechanganyika. Kuna waliosoma EGM na PCM, hesabu wameipiga hadi kidato cha sita. Kuna waliosoma HGL na HKL, hawa mara ya mwisho kushika hesabu ni kidato cha nne. Na wachache wa CBG na HGE waliosoma ile hesabu nyepesi ya BAM. Testi yenyewe swali la kwanza lilikuwa kupanga mlinganyo wa mstari, na maswali mengi yaliyofuata yalitumia jibu la hilo. Ukilikosa lile umekwisha.

Kesho nitawauliza watu kombi zao kwenye grupu la darasa.

Mzee_wa_Pasua

Mimi bado nasema ni uvivu. Wa thelathini hawakusoma.

Kijana_wa_Majengo

Wakuu nimerudi. Wote 40 wamejibu, nimewabembeleza hadi wa mwisho.

Waliotoka HGL na HKL ni 18. Kati yao 17 wako chini ya 50, mmoja tu, dada mmoja, amepata 52. Wastani wao ni kama 35. Waliobaki ni 22, wastani wao kama 68, na 19 kati yao wako juu ya 50. Nimechora michoro miwili tofauti. Wa HGL na HKL wamepanda kilele kimoja kwenye thelathini. Wengine wana kilele sabini, ila wana mkia wa watu watatu walioanguka huko chini, na wote watatu ni wa BAM. Lakini wa BAM wengine wanne wako sabini na zaidi, hapo ndipo sielewi.

Fundi_Data

Mwalimu nimekubali, hii ndiyo njia. Mzee wa Pasua, uvivu hauwezi kuchagua kombi kiasi hicho.

Mzee_wa_Pasua

Hapo umenibana. Lakini wale watatu wa BAM je? Nao hesabu walisoma.

Mwalimu_Sanawari

Kazi nzuri sana kijana, hasa kuwapata wote 40. Ungepata 30 tu, ningekuuliza wale kumi waliokaa kimya ni wa kilele kipi.

Wale watatu siwezi kuwaelezea kwa namba ulizotoa, wala mtu mwingine hapa hawezi. Watu saba wa BAM ni wachache mno kuwachorea kengele yao. Inawezekana walikosa swali lile la kwanza na yote yakafuata. Hilo utalijua kwa kuomba kuona karatasi zao, swali kwa swali, kama watakubali. Kama wana sifuri kwenye swali la kwanza na kwenye yote yanayolitegemea, lakini wamepata yale yaliyosimama peke yake, basi tatizo ni testi ilivyopangwa, na litakuwa limewaumiza hata baadhi ya wa HGL.

Kwa kazi ya Jumatatu, andika wastani 53 na mkengeuko 20.3 kama ulivyoombwa, onesha watu 23, weka mchoro wa nyota, onesha 15 waliotarajiwa katikati dhidi ya watano waliopo, halafu weka michoro yako miwili kwa kombi. Hapo mbele ya kila wastani andika idadi ya watu wake, 18 na 22.

Kijana_wa_Majengo

Sawa mwalimu. Wawili wa BAM wamekubali kunionesha karatasi kesho baada ya kipindi. Mmoja ameshanitumia picha ya ukurasa wa kwanza: swali la kwanza ana sifuri, alama ya kutoa ameiandika kama ya kujumlisha kwenye mstari wa pili. Wa tatu hajajibu bado.

Mama_Njiro

Mwanangu nimemwita nikamwonesha ile 1.5 na ile robo. Ameniuliza kama anaweza kumpigia baba yake hesabu hiyo mwenyewe, amechukua daftari sasa hivi.